Spika ikipasua sauti usikimbilie kununua kubwa, isogeze kwanza

Mpwa wangu alinipigia simu Jumamosi moja jioni, sauti imejaa hasira. "Shikamoo mjomba. Nimeibiwa mchana kweupe." Alikuwa amenunua spika ya blututhi kwenye duka moja la Luthuli, katikati ya mji wa Nairobi, kwa shilingi 4,500. Dukani ililia vizuri sana. Alipofika nayo kwake Kangemi, ikawa ukiipandisha sauti inakoroma, mwimbaji anasikika kama mtu anayezungumza huku amebana pua, na besi aliyoisikia dukani hakuna.

Hilo peke yake lisingenitoa nyumbani. Kilichonitoa ni maneno yake ya mwisho. Alitaka kuiuza ile spika kwa bei ya hasara, aongeze shilingi 12,000 na achukue kubwa zaidi. Hizo 12,000 nazijua. Ni pesa alizokuwa akiziweka kidogo kidogo kwa ajili ya arusi ya dada yake Mombasa, pamoja na nauli yake ya kwenda. Nikamwambia asiuze kitu mpaka nifike.

Nimetengeneza redio na amplifaya tangu enzi za kanda, na malalamiko kama haya nimeyasikia kwa watu wengi, wa Bara na wa Pwani. Mara nyingi spika si mbovu. Imewekwa mahali pabaya, mwenyewe akakosa besi, akapandisha sauti ili aipate, na huko kupandisha ndiko kukaipasua sauti. Naandika haya ili ndugu msomaji ujue kinachotokea ndani ya lile kopo, na uweze kujipimia mwenyewe kabla pesa hazijakutoka mfukoni.

Duka si chumba chako

Kwanza tuanze Luthuli kwenyewe, kwa sababu ndiko wengi wanakodanganyika bila ya mtu kuwadanganya. Duka lenyewe ni jembamba kama ushoroba, limejaa bidhaa mpaka darini. Spika ya kujaribiwa huwekwa kwenye rafu, mgongo wake karibu kugusa ukuta. Wewe umesimama hatua moja tu mbele yake. Nje kuna honi, makanga wanaita abiria, na kila duka linapiga muziki wake.

Mambo matatu hutokea hapo. Ukuta ulio nyuma ya spika unaongeza besi, nami nitaeleza namna gani. Wewe uko karibu, kwa hivyo huhitaji sauti kubwa. Na kelele za barabara zinafunika ukwaruzaji mdogo ambao ungeusikia mahali pa kimya. Basi unaondoka na kumbukumbu ya sauti ambayo ni ya spika pamoja na duka lake, kisha unakwenda kuitafuta ndani ya chumba kisichofanana na duka hilo hata kidogo.

Wati za kwenye boksi na wati za kwenye betri

Boksi la spika ya mpwa wangu limeandikwa kwa herufi kubwa 1000W PMPO. Naye aliniuliza, "Mjomba, wati elfu moja zinashindwa vipi na chumba kimoja?"

Hizo herufi PMPO hazipimi kazi ambayo spika inaweza kuifanya wimbo mzima. Kila kiwanda huzihesabu kivyake, na namba inayotoka haikubani kwa lolote. Namba ya maana ni ile inayoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Kwenye boksi lake haikuwepo. Lakini ipo njia ya kukisia, nayo ni kuitazama betri.

Kwenye karatasi ya maelezo iliandikwa betri ya volti 3.7. Amplifaya ndogo haiwezi kutoa volti zaidi ya zile inazopewa. Spika nyingi za namna hii zina ukinzani wa omu 4. Chukua 3.7 uizidishe kwa yenyewe, upate karibu 13.7, kisha ugawanye kwa mara mbili ya ukinzani, yaani 8. Jibu ni wati 1.7. Zipo spika zenye saketi ya kupandisha volti kabla hazijafika kwenye amplifaya, na hizo hutoa zaidi. Zenye seli mbili zilizofuatana, volti 7.4, hesabu hiyo hiyo inakupa karibu wati 7. Vyovyote iwavyo, elfu moja haifiki. Ili betri ya volti 3.7 itoe wati 1,000 ingebidi ipitishe mkondo wa ampea 270, na hata mota ya kuwashia gari dogo kwa kawaida haili kiasi hicho.

Wati 1.7 si aibu. Kwa mazungumzo, habari na mawaidha, ukiwa mita mbili mbali, zinatosha kabisa. Shida inakuja unapotaka zaidi. Sikio letu halihesabu kama mita ya stima. Ili sauti ionekane imezidi mara mbili, amplifaya inahitaji nguvu mara kumi hivi. Kwa hivyo zile ngazi chache za mwisho kwenye kitufe cha sauti ndizo zinazokula karibu nguvu yote iliyopo.

Sauti inapasuka vipi

Muziki unapotoka kwenye simu unakuja kama wimbi, linapanda na kushuka. Amplifaya kazi yake ni kulikuza wimbi lile bila ya kulibadilisha umbo. Sasa fikiria wimbi linataka kupanda hadi volti 6 na betri ina 3.7 tu. Halina pa kwenda. Kilele chake kinakatwa na kuwa bapa, kama kuti lililokatwa ncha kwa panga. Hapo pa kukatwa panazaliwa sauti nyingine ambazo mwanamuziki hakuzipiga, tena nyingi ni kali na za juu. Huo ndio mkwaruzo unaousikia.

Betri inapokaribia kwisha volti zake hushuka, na kikomo hicho kinashuka nacho. Ndiyo sababu wimbo uliolia vizuri asubuhi unakwaruza usiku kwenye ngazi ile ile ya sauti.

Kikomo cha pili kiko kwenye ngoma yenyewe ya spika. Nyuma ya ule utando wa mbele kuna koili ya waya iliyokaa ndani ya pengo jembamba la sumaku. Umeme ukipita, koili inasukumwa mbele na kuvutwa nyuma, nao utando unafuata na kusukuma hewa. Kwenye spika ndogo ule mwendo wote ni milimita chache. Ukipita hapo, koili inaanza kutoka kwenye pengo la sumaku, mpira ulioushika utando unakaza, na mwendo unakuwa si ule ulioamriwa. Ukizidisha mno utasikia kabisa kitu kinagonga.

Na besi ndiyo inayomaliza mwendo huo kwanza. Ili utando utoe noti yenye hezi 60 kwa ukubwa ule ule wa noti ya hezi 120, lazima uende mbali mara nne. Utando wa upana wa sentimita 5, kama aliokuwa nao mpwa wangu, hauna huo mwendo wa kutoa.

Hapo ndipo jibu la lalamiko lake kuhusu mwimbaji. Kwenye spika ndogo utando mmoja ndio unaobeba besi na ndio huo huo unaobeba sauti ya mtu. Besi ikiupeleka mpaka mwisho wa mwendo wake, sauti ya mwimbaji iliyopanda juu yake inabanwa kila besi inapopiga. Unadhani mwimbaji ndiye mwenye kasoro, kumbe aliyejaza chombo ni mpiga gitaa la besi.

Spika za bei ya juu kidogo huwa na chipu inayolilinda hilo. Inaona utando unakaribia mwisho na inapunguza besi yenyewe. Hizo hazikwaruzi, lakini ukipandisha sauti unaona muziki unakuwa mwembamba, umebaki juu juu. Ni kikomo kile kile, ila kimevaa kanzu nyingine.

Tulivyoipima pale Kangemi

Nilipofika sikugusa samani kwanza. Nilitaka kujua kama spika ni mzima au ni mgonjwa, na hilo halihitaji chombo chochote.

Tuliichomeka kwenye chaja mpaka ijae. Tukapiga wimbo wa bango, kwa sababu gitaa la besi kwenye bango linatembea wazi na halijifichi. Nikaiweka sauti robo. Ilikuwa safi. Nikapandisha ngazi kwa ngazi mpaka ilipoanza kukoroma, nikarudi ngazi mbili, ikawa safi tena. Hiyo ni dalili ya kulemewa, si ya kuvunjika. Spika iliyopasuka utando, au ambayo koili yake inakwangua sumaku, hukwaruza hata kwa sauti ya chini, na hukwaruza kila wimbo kwenye noti zile zile. Ukisikia hivyo, irudishe ilikotoka mapema.

Pili, nikaomba wimbo alioulalamikia zaidi. Ulikuwa wa taarabu ya Juma Bhalo, umetumwa na binamu yake kwa WhatsApp, na mwanzo wake ulitoka kwenye kanda. Tukausikiliza kwa visikizi vya masikioni. Ule mkwaruzo ulikuwa umo ndani ya wimbo wenyewe. Aliyeuhamisha kutoka kwenye kanda aliuingiza kwa sauti kubwa mno, vilele vikakatwa hapo hapo, na hakuna spika duniani itakayovirudisha. Huo tukauweka kando.

Tatu, simu yake. Ndani ya programu ya muziki, sehemu iitwayo Equalizer, alikuwa amewasha Bass Boost mpaka mwisho. Alidhani anaisaidia spika. Kuongeza besi desibeli 6 ni kuidai amplifaya nguvu mara nne kwa noti hizo, na amplifaya yake haikuwa na ziada hata ya mara mbili. Zaidi ya hapo, wimbo wa siku hizi umerekodiwa ukiwa tayari umejaa hadi juu. Ukiuongeza ndani ya simu unakatwa vilele kabla haujafika hata kwenye spika. Tukazima. Mkwaruzo ukapungua sana, na mpwa wangu akasema lile nililolitarajia: "Sasa besi ndiyo imekwisha kabisa."

Ile sauti ya kukatika-katika, inayopotea na kurudi, si jambo hili. Hiyo ni mawimbi ya blututhi yanayogombana na waifai za majirani, au ukuta ulio kati ya simu na spika. Sogeza simu karibu, itakwisha.

Besi ilikuwa imepotelea wapi

Chumba chake ni cha mawe ya kuchonga, urefu wa mita 4, upana kama mita 3. Spika aliiweka juu ya stuli, mita moja kutoka ukutani, apate kupita nyuma yake kuelekea dirishani. Yeye hukaa kwenye kiti kinachoitazama, na kiti hicho kiko mita moja kutoka ukuta wa upande wa pili. Kwa macho kimepangwa vizuri. Kwa besi ni mpango mbaya kuliko yote aliyoweza kuuchagua, na hakuwa na njia ya kujua.

Aliyewahi kusimama Mama Ngina bahari ikiwa imechafuka atanielewa. Wimbi linakuja, linapiga mwamba, linarudi. Linaporudi linakutana na jingine linalokuja. Vilele vikikutana, maji yanaruka juu mara mbili. Kilele kikikutana na bonde, maji hapo yanatulia kama vile hakuna wimbi. Sauti nayo ndivyo inavyofanya na ukuta.

Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde. Noti ya hezi 86, ambayo iko pale pale gitaa la besi linapotembea, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 4. Besi haielekei mbele tu kama mwanga wa tochi. Inatoka kwenye spika na kuzunguka pande zote. Ile inayokwenda nyuma inasafiri mita moja hadi ukutani, na mita moja kurudi. Inapofika tena kwenye spika imechelewa mita 2, yaani nusu ya wimbi lake. Kilele kimekutana na bonde. Noti za karibu na hezi 86 zinafutana.

Upande wa kiti ni hadithi hiyo hiyo. Sauti inampita, inagonga ukuta wa nyuma yake ulio mita moja, inarudi imechelewa mita 2. Noti ile ile inafutwa mara ya pili, masikioni mwake. Besi ilikuwa inatengenezwa na inauawa kabla hajaisikia. Naye, kwa kuikosa, akawa anapandisha sauti. Lakini kufutana hakuponyeki kwa nguvu. Ukiongeza linalokwenda, umeongeza na linalorudi. Anachopata ni amplifaya iliyolemewa na besi ile ile haba.

Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi. Chukua 343, gawanya kwa mara nne ya umbali wa spika kutoka ukutani kwa mita. Hiyo ndiyo noti itakayoumia. Mita moja inaumiza hezi 86. Sentimita 15 inaangukia karibu hezi 570, ambapo si mahali pa besi tena.

Tulivyoisogeza

Tulitoa stuli. Spika tukaiweka juu ya meza ndogo iliyo ukutani, mgongo wake sentimita 12 hivi kutoka kwenye ukuta. Sikuibana kabisa, kwa sababu spika nyingi za blututhi zina utando wa ziada wa mpira ubavuni au nyuma, usio na koili, unaotikisika kuisaidia besi. Nyingine zina tundu la hewa. Ukiziba hivyo umeikaba koo.

Spika ikiwa karibu na ukuta, sauti inayorudi haijachelewa. Inafika pamoja na ile inayokwenda mbele, vilele kwa vilele. Kwa hesabu tupu ukuta mmoja unaweza kuongeza besi hadi desibeli 6. Ndani ya chumba, chenye kuta nyingine tayari, mara nyingi unapata 3 au 4. Usizidharau. Desibeli 3 ni sawa na kuongezewa amplifaya ya nguvu mara mbili, bila ya shilingi na bila ya utando kusogea hata milimita zaidi.

Meza ile ya mbao nyepesi ilianza kuimba yenyewe, kwa mvumo wa kisanduku tupu. Tukaweka chini ya spika kipande cha vigae na juu yake kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne. Mvumo ukafa.

Kisha kiti. Tulikirudisha nyuma mpaka kichwa chake kikawa sentimita 40 kutoka ukutani. Nikacheza wimbo ule ule wa bango kwa sauti ya ngazi 11 kati ya 16. Hapo mwanzo alikuwa akiweka 15. Alinyamaza akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba, hini siyo ile spika."

Ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba sasa besi inafika, kwa hivyo hana haja ya kupandisha. Na kwa kuwa hapandishi, vilele havikatwi na koili haitoki kwenye pengo lake. Sauti ya mwimbaji ikafunguka. Matatizo mawili aliyoyaona tofauti, la besi kukosekana na la sauti kupasuka, yalikuwa tatizo moja.

Pembeni, kwa hadhari

Akauliza, kama ukuta mmoja ni mzuri, je, kona yenye kuta mbili? Tukajaribu. Besi ilizidi, lakini ikawa ya mvumo, noti zote zinafanana, huwezi kusema gitaa linapiga nini. Maneno ya wimbo yakazama. Kona inafaa spika ambayo besi yake ni dhaifu sana. Ikivuma, itoe kwenye kona kidogo kidogo, sentimita 20 kila mara, usimame pale noti zinapoanza kutengana tena.

Kuna hila moja ya zamani ya mafundi ya kupata mahali pazuri bila ya hesabu. Weka spika pale unapokaa wewe, kwenye kiti chenyewe. Piga wimbo wenye besi. Kisha wewe utembee ukiinama, kichwa kwenye kimo ambacho spika itakaa, upite kando ya kuta. Mahali utakaposikia besi imejaa na noti zimetengana, hapo ndipo pa kuiweka spika. Njia ya sauti kutoka hapa hadi pale ni ile ile ukibadilishana nayo mahali. Mpwa wangu alicheka kuniona nikitambaa, lakini mahali nilipopata palikuwa kiganja kimoja tu kutoka pale tulipokuwa tumeiweka.

Tena fikiria jirani. Kwenye nyumba za ghorofa za Kilimani na Kileleshwa, na kwenye ploti za Kangemi na Kawangware, ukuta mmoja ni wa watu wawili. Besi ndiyo inayopenya, si sauti ya mwimbaji. Ukiwa na hiari, chagua ukuta unaotazama nje, na usiiweke spika moja kwa moja sakafuni ikiwa kuna mtu chini yako.

Chumba cha mabati, matatu, na uwanja wa arusi

Haya niliyoyasema yanategemea ukuta uwe mzito. Mwenye kukaa kwenye chumba cha mabati atapata kidogo zaidi kuliko hewani tu, kwa sababu bati jepesi linatikisika na kuiachia besi itoke nje. Tena litakuwa linalia lenyewe, nawe utadhani ni spika. Ukisikia mlio kama wa nyuki, weka kiganja kwenye bati lililo karibu. Ukinyamaza, umempata mwizi. Huko, sogea wewe karibu na spika. Kukaa mita moja badala ya mita mbili kunakuokolea nguvu nyingi.

Nyumba zetu za Mji wa Kale ni kinyume chake. Kuta za matumbawe ni nene, na vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, kiasi cha mita 2 na nusu hadi 3. Besi haina pa kutorokea. Hata spika ndogo ikiwekwa kwenye ukuta mfupi wa mwisho hujaza chumba, na tatizo lako litakuwa mvumo. Zulia na mapazia havitaumaliza, kwa kuwa hivyo hunyonya sauti za juu na kuiacha besi. Kuisogeza spika ndiyo dawa.

Watu wa Nairobi huniambia, mbona besi ya matatu inatikisa kifua? Spika zake ni kubwa, ndiyo. Lakini pia gari lile ni kisanduku kilichofungwa, kidogo kuliko wimbi la besi lenyewe, kwa hivyo hewa yote ya ndani inabanwa na kuachiwa kwa pamoja. Spika hizo hizo ukizishusha na kuzisimamisha uwanjani, utashangaa zilivyopoa.

Na hapo ndipo tuliporudi kwenye arusi. Mpwa wangu alikuwa na wazo kwamba hiyo spika kubwa angekwenda nayo Mombasa ipige usiku wa hina, uani, chini ya turubai. Nilimuuliza, uani kuna kuta ngapi karibu? Moja, nyuma ya jukwaa. Dari hakuna. Umbali wa wageni ni mita 10 au 15. Kila umbali unapozidi mara mbili, pasipo kuta, sauti inashuka desibeli 6, yaani amplifaya inadaiwa nguvu mara nne. Kutoka mita 2 hadi mita 8 ni mara mbili zidisha mara mbili: nguvu mara 16. Spika ya betri, hata hiyo kubwa, ingekwenda kukoroma mbele ya wageni. Shughuli kama hiyo hukodiwa vyombo vyenye wufa za inchi 15 na amplifaya ya stima, au jenereta.

Nina neno la mwisho la ukweli kwa wale watakaojaribu. Ukuta hauundi besi ambayo spika haiitoi. Utando wa sentimita 5 chini ya hezi 70 hivi umeshanyamaza, na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi ni hezi 41. Hiyo unaisikia kwa sababu noti ina mwenzake wa juu yake, hezi 82, na akili yako inajazia iliyokosekana. Ndiyo maana ile sehemu ya hezi 80 hadi 100 ina thamani kubwa kwa spika ndogo. Ukiipoteza hiyo kwa kuiweka spika mita moja kutoka ukutani, hubakiwi na kitu cha kuijazia.

Spika iko Kangemi mpaka leo, juu ya meza ile ile, na kipande cha kigae chini yake. Shilingi 12,000 zilikwenda Mombasa na mwenyewe, na bibi arusi alizipokea mkononi.